Simu ikilia, hilo jina limeandikwa na nani?

Wasee, tuanze na jambo ambalo wengi mtaani hawalijui, na linakosesha vijana wa Kibera na Kawangware kazi kila wiki: ukipiga simu, jina lako haliendi popote. Kinachosafiri kutoka laini yako hadi kwa yule unayempigia ni nambari tu. Jina linalotokea kwenye kioo chake huwekwa kule mwisho, na mara nyingi aliyeliweka si wewe, si Safaricom wala Airtel. Ni mtu mwingine kabisa, pengine mtu hamjawahi kuonana.

Sasa fikiria maisha yetu. Fundi wa mabomba wa Kambi Muru hana ofisi wala kibao barabarani. Mama fua wa Kawangware hana kadi ya kumpa mama wa Lavington. Walicho nacho ni nambari kumi tu, zimeandikwa nyuma ya risiti au kusemwa kwa mlinzi wa geti. Nambari hiyo ikitokea vibaya kwenye simu ya mdosi, simu haishikwi, na kazi inaenda kwa mwingine. Hakuna atakayekuambia kwa nini.

Nitawaeleza kisa cha jirani mmoja hapa Kambi Muru, fundi wa mabomba, kwa sababu kimenifunza zaidi kuliko maneno mengi.

Huyu jamaa alipoteza simu na laini kwa matatu. Badala ya kurudisha ile laini ya zamani, akanunua mpya, akaisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe, akawatumia wateja wake wa Kilimani nambari mpya. Wiki mbili za kwanza akaona mambo ya ajabu. Wateja wa zamani hawashiki simu. Akipiga mara tatu, mtu anakata. Halafu watu asiowajua wanampigia wakidai deni, wengine wakimtukana kwa jina ambalo si lake. Akadhani amerogwa. Mwishowe mteja mmoja mwenye roho safi akashika na kumwambia, "Fundi, kumbe ni wewe? Simu yangu inaandika 'Mkora Kware Usishike'."

Hapo ndipo tukakaa chini kutafuta hilo jina linatoka wapi. Kuna mahali pachache tu panapoweza kuwa, na unaweza kupapima pamoja na rafiki kwa dakika tano.

Kwanza akapiga simu ya jirani, kabambe isiyo na apu yoyote wala nambari yake. Ikaonyesha nambari peke yake, bila jina. Hiyo ikatuambia kwamba mtandao haukuwa na neno. Kisha akapiga simu ya kijana mwenye Truecaller, ambaye pia hakuwa amemsevu. Hapo "Mkora Kware Usishike" ikatokea kwa rangi nyekundu. Jaribio la mwisho likawa la M-Pesa. Huyo kijana akaanza kama anayemtumia shilingi hamsini, akaangalia jina linalotokea kabla pesa haijatoka, halafu akasitisha. Jina lilikuwa la fundi mwenyewe, sawasawa kama lilivyo kwenye kitambulisho. Kwa hivyo usajili wa laini ulikuwa safi. Uchafu ulikuwa kwenye apu.

Ulifikaje huko? Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hurudi kwa kampuni ya simu na kuuzwa tena. Hivyo ndivyo nambari "mpya" inavyoweza kuwa na maisha ya nyuma. Mwenye nambari ile kabla ya fundi alikuwa na madeni na, kwa jinsi watu walivyomtukana, pengine na mikono mirefu. Waliodhulumiwa wakamwandika walivyoona inafaa. Kampuni ilifuta usajili wake, lakini haina uwezo wa kufuta kilichoandikwa kwenye simu za watu na kwenye hifadhi ya apu ya watu wengine.

Truecaller ilianzishwa mwaka 2009 huko Stockholm, Uswidi, na inafanya kazi kama umbea uliopangwa vizuri. Mtu akijisajili, huweka jina analotaka. Watu wengine wanaweza kupendekeza jina la nambari usiyoijua au kuiripoti kuwa ya matapeli. Hakuna mahali hapo panapouliza kitambulisho. Ikiwa watu wengi wameita nambari fulani mkora, kwa apu hiyo ni mkora, hata kama jana imehamia kwa fundi mwaminifu. Na kinyume chake ni kibaya zaidi. Tapeli anaweza kujisajili kwa jina "Safaricom Customer Care", na kioo chako kikakuonyesha hivyo kwa heshima zote. Kuna watu wanatuma PIN zao kwa sababu tu jina lilikaa vizuri. Safaricom imetangaza kwa miaka kwamba huwapigia wateja kutoka 0722 000 000 pekee, kwa hivyo soma nambari, si jina. Na hata nambari ikiwa hiyo, PIN husemi.

Mbona nasema hata nambari? Kwa sababu simu inayoingia kupitia intaneti kutoka nje ya nchi inaweza kubeba nambari ambayo mpigaji ameiandika mwenyewe, kama kampuni iliyoipokea haikumkagua. Marekani ilibidi iwalazimishe makampuni makubwa ya simu, kuanzia Juni 2021, kuweka muhuri wa kidijitali unaothibitisha kwamba nambari ni ya mpigaji. Lakini hapa mtaani wakora wengi hata hawajisumbui hivyo. Laini ya kawaida na jina zuri kwenye apu vinawatosha.

Kuna njia nyingine ya jina la uongo ambayo haihitaji apu wala intaneti, na wenye maduka ya Makina na wale wa Kongo kule Kawangware waisikie vizuri. Kitabu cha majina ndani ya simu yako ndicho kinachosikilizwa kwanza. Chochote ulichosevu ndicho kinachotokea. Mtu akikuomba simu "kidogo tu nipige", dakika moja inamtosha kusevu nambari yake kwa jina "MPESA". Kesho anakuja kununua unga na mafuta, anatuma ujumbe alioutunga mwenyewe, na simu yako inakuonyesha MPESA imekuandikia. Ukitaka kujua, fungua ujumbe na ubonyeze jina la aliyetuma. Ujumbe halisi wa M-Pesa hauna nambari ya kawaida nyuma yake. Ukiona 07 au 01 imejificha hapo, rudisha unga kwenye rafu. Na kabla ya kutoa bidhaa, angalia salio lako, si ujumbe.

Halafu kuna makosa yasiyo na mkora yeyote. Baadhi ya simu, hasa mulika mwizi za zamani, hazilinganishi nambari nzima. Zinaangalia tarakimu saba za mwisho tu. Sasa chukua nambari inayoanza na 0722 na nyingine inayoanza na 0712, halafu zote zimalizikie kwa tarakimu sita zile zile. Hesabu kutoka nyuma: sita za mwisho ni sawa, na ya saba ni 2 kwa zote mbili. Kwa simu hiyo, hao ni mtu mmoja. Shosho yako anaona jina lako, anashika akisema "mjukuu wangu", kumbe ni mtu wa Kisii anayeuliza bei ya mahindi. Tangu tuanze kupewa laini za 01, uwezekano umeongezeka, kwa sababu 0112 nayo inamaliza kwa 2. Dalili yake ni rahisi: jina si lako, lakini ukifungua orodha ya simu zilizoingia na kusoma nambari nzima, mwanzo wake ni tofauti.

Sasa tuje kwa wale wanaojificha kabisa.

Watu huchanganya vitu viwili. Nambari usiyoisevu si nambari iliyofichwa. Ukiona tarakimu, hata kama hujui ni nani, mtu huyo amejionyesha, na unaweza kumrudia. Iliyofichwa ni ile ambayo kioo kinaandika `Private number` au `No Caller ID`, bila tarakimu yoyote. Hiyo huwezi kuirudia hata ukitaka.

Kuficha ni huduma ya kawaida ya mitandao ya simu tangu zamani. Kila simu inapotoka, nambari yako husafiri ikiwa na alama kando yake inayosema kama inaruhusiwa kuonyeshwa au la. Ukificha, nambari haibaki nyumbani. Inakwenda hadi mtandao wa mwisho, yule anayempa mwenzako simu. Huyo ndiye anayesoma ile alama na kuamua kutomwonyesha. Ni kama mhudumu wa matatu anayepokea mzigo ulioandikwa jina la mtumaji, kisha anaukabidhi akiwa amefunika jina kwa kidole. Yeye analijua. Kwa hivyo anayekutishia kwa nambari iliyofichwa hajajificha kwa polisi wakifuata sheria na kuuliza kampuni. Amejificha kwako tu. Andika tarehe na saa kamili ya kila simu, kwa sababu hizo ndizo zitakazotumika kuitafuta kwenye rekodi za kampuni.

Namna ya kuficha na kuonyesha, na kuuliza laini yako ina hali gani, ni hii:

```
#31#07XXXXXXXX    ficha kwa simu hii moja
*31#07XXXXXXXX    onyesha kwa simu hii moja
*#31#             uliza hali ya laini yako
```

Mtandao unaweza kukataa, kwa sababu kampuni ndiyo inayoamua laini ipi ina huduma hii. Ukikataliwa, utaona ujumbe wa kosa au simu itapita ikiwa na nambari yako wazi. Ndiyo maana jaribu kwanza kwa simu ya rafiki. Pia usichanganye `#31#` na ile alama ya # peke yake mbele ya nambari. Kwa Safaricom hiyo humwomba mwenzako alipie simu, na hiyo ni aibu nyingine.

Simu za kisasa zina swichi pia, ndani ya mipangilio ya simu, ya kuonyesha au kuficha nambari. Nimeona kijana amelalamika miezi kwamba hakuna anayeshika simu zake, kumbe alinunua simu ya mkono wa pili na mwenye nayo wa kwanza aliacha swichi imezimwa. Kila anayempigia alikuwa anaona `Private number`. Mtu anatafuta kazi ya mjengo huku anapiga kama muuaji wa kwenye filamu!

Kuna pia simu zinazotokea `Unknown` bila mtu kuficha lolote. Ndugu akikupigia kutoka Doha au Riyadh kwa njia ya bei rahisi, simu inaweza kupita mikono ya kampuni kadhaa, na moja yao ikaangusha nambari njiani. Hapo mtandao wa mwisho hauna cha kukuonyesha. Ni tofauti na kufichwa, lakini kwenye kioo mara nyingi vinafanana. Na kama unaona tangazo la apu inayodai kufichua nambari zilizofichwa, achana nalo. Simu yako haikupewa hizo tarakimu, na apu iliyo ndani ya simu yako haiwezi kusoma kitu ambacho hakikufika.

Nikiwa mkweli, najua kwa nini watu hawashiki nambari ngeni. Apu za mikopo zimetufundisha hivyo. Mtu wa Gatwekera anakopa elfu mbili, apu inabeba majina yote ya simu yake, na akichelewa wanapigiwa mama yake, mchungaji na mwalimu wa zamani. Aprili 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni ya Whitepath faini ya shilingi milioni 5 baada ya watu kulalamika kwamba nambari zao zilichotwa kutoka kwa simu za waliokopa. Septemba mwaka huo huo ikawa zamu ya Mulla Pride, shilingi 2,975,000, kwa mambo ya aina hiyo. Nafurahia faini hizo. Lakini hasara ambayo haikulipwa ni hii: sasa mtaa mzima unaogopa nambari yoyote isiyo na jina, na anayeumia ni yule mwenye nambari mpya anayetafuta kibarua.

Ndiyo maana nawalaumu wadosi kidogo. Mama wa Kilimani anayemtafuta fundi kwa nambari iliyofichwa, halafu analalamika kwamba vijana wa Kibera hawashiki simu, anataka nini? Na yule anayemkataa mtu kwa sababu apu imeandika "mkora" anaamini maandishi ya ukutani kuliko kitambulisho. Kama una shaka na mtu, lipo jina la M-Pesa. Hilo limetoka kwa usajili wa laini, na kanuni zinataka laini isajiliwe kwa kitambulisho. Nalo lina mipaka yake. Vijana wengi wanatumia laini ya mama au ya kaka, kwa hivyo jina tofauti si ushahidi wa wizi. Muulize kwanza.

Turudi kwa fundi, maana mlitaka kujua alifanyaje. Alianza na `*106#` kuona ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, ahakikishe hakuna nyingine inayotembea kwa jina lake. Kisha akaweka ile apu kwa simu ya kuazima, akajisajili kwa nambari yake, ikathibitishwa kwa simu fupi, naye akaandika jina lake na neno "fundi mabomba". Hiyo ni njia moja. Nyingine ni kuomba nambari iondolewe kabisa kwenye hifadhi, kupitia ukurasa wa `truecaller.com/unlisting`. Kama una akaunti, uifunge kwanza. Tulibishana sana kuhusu hizo mbili. Kujisajili kunakupa jina zuri lakini unawapa data zako, na uangalie ni ruhusa zipi unakubali, hasa ya kusoma majina ya watu wengine uliowasevu. Kujiondoa kunakuacha bila jina, na kwa fundi anayepiga simu Kilimani, bila jina ni karibu sawa na kutoshikwa. Alichagua kujisajili, lakini hiyo ruhusa ya majina akaikatalia.

Haikutosha kwa wote. Baada ya siku chache yule kijana mwenye Truecaller akaona jina jipya. Lakini wanaodai deni la mwenye laini wa zamani walikuwa wamemsevu kwenye simu zao wenyewe, na hapo hakuna apu wala kampuni inayoweza kufika. Hao ilibidi awajibu mmoja mmoja: laini hii imebadilisha mwenyewe, nitumie jina la unayemtafuta, halafu hakiki langu kwa M-Pesa. Wengi walielewa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 pia inakupa haki ya kudai habari za uongo kukuhusu zirekebishwe, na malalamiko hupelekwa kwa ile Ofisi ya Kamishna. Kwa kampuni inayoendelea kukupigia kwa deni la mtu mwingine, ndipo pa kwenda, ukiwa na picha za kioo zenye tarehe.

Ushauri wangu kwa anayenunua laini leo: kabla hujawapa watu nambari, fanya yale majaribio matatu. Ikitokea na jina la ajabu, rudi kwa wakala siku hiyo hiyo uombe nyingine, kabla hujaiandika kwenye fomu za shule ya mtoto na kwenye chama.

Na kwa simu iliyofichwa ambayo unahisi huenda ni kazi, shika, sikiliza bila kutaja jina wala mahali ulipo, kisha omba jambo moja: "Tafadhali nitumie SMS." `#31#` hufanya kazi kwa simu ya kuongea tu. Ujumbe wa SMS kutoka laini ya kawaida utakuja na nambari yake, na hapo utaona kama mdosi yupo kweli.